Nyama chini ya wavu, maji chini ya kifuniko: hotuba kwa wafanyabiashara wa soko la Gonja

 Nawashukuru wauza nyama kwa kuacha meza zenu, na akina mama lishe najua mmeacha sufuria jikoni, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha. Nataka tuzungumze juu ya nyama kukaa wazi na juu ya maji tunayotumia hapa sokoni. Wengi wetu tumezoea kuyaona mambo haya mbalimbali: nyama inamhusu mwenye bucha, maji yanamhusu mwenye kibanda cha chakula. Mimi nasema ni jambo moja, kwa sababu nyama na maji hukutana kwenye ndoo iliyo chini ya meza. Mtu akifunika nyama vizuri kisha akaifuta kwa kitambaa kilichotoka kwenye ndoo chafu, kazi yote ya kufunika imepotea.

Tuanze na nzi, maana tumemzoea mno. Nzi wa kawaida hana meno ya kutafunia. Mdomo wake ni wa kunyonya tu, kwa hiyo akitua juu ya kitu kigumu hukitemea kwanza mate pamoja na sehemu ya alichokula huko alikotoka, kitu kikilainika ndipo anyonye. Na huko alikotoka tunakujua: choo cha shimo kisicho na mfuniko, kinyesi cha ng'ombe, utumbo uliomwagwa nyuma ya machinjio, damu iliyogandia mtaroni. Tena huenda haja kila mara wakati wa kula, na miguu yake ina vinyweleo vinavyobeba uchafu. Ndiyo sababu ule mtindo wetu wa kupunga kipande cha boksi juu ya nyama hautoshi. Tukimfukuza baada ya kutua, amekwisha acha alichokuja nacho. Kinga ya kweli ni kumzuia asitue kabisa.

Yuko pia nzi mwingine, yule mkubwa wa rangi ya kijani au buluu inayong'aa. Huyu anaitafuta nyama ili atage. Mayai yake ni meupe, membamba, yamebandikwa kwa mafungu, na hupenda kuyaficha kwenye mikunjo, karibu na mfupa, au palipokatwa shingoni. Kwa joto letu la tambarare, mayai hayo yanaweza kutoa funza kabla siku haijapita. Mteja anayejua kununua hufunua ile mikunjo na kutazama. Akiyaona mayai, ajue nyama hiyo imekaa wazi muda mrefu, hata kama rangi yake bado ni nyekundu.

Kuhusu vumbi sitakaa sana. Magari na bodaboda za barabara ya Same, Kisiwani hadi Mkomazi zikipita tunaliona wenyewe. Ninalotaka mkumbuke ni kwamba vumbi la soko lina samadi iliyokauka ya ng'ombe na mbuzi wanaopita hapa, na upepo ukilitupa juu ya nyama yenye unyevu, linashika.

Sasa, kwa nini uchafu kidogo wa juu uwe tatizo kubwa? Mnyama mwenye afya aliyechinjwa vizuri, nyama yake ya ndani kwa kawaida haina vijidudu. Vijidudu vinakaa juu, na tunavileta sisi: kwa kisu, kwa mikono, kwa gogo la kukatia, kwa nzi na kwa maji. Vikishafika juu ya nyama yenye uvuguvugu huongezeka haraka. Kwenye joto la hapa kwetu vingi vinaweza kujigawa mara mbili kila nusu saa. Fanyeni hesabu nami. Tuseme kijidudu kimoja kimeanza kujigawa asubuhi: nusu saa baadaye viko 2, kisha 4, kisha 8. Baada ya muda wa saa 6 vimegawanyika mara 12, na kile kimoja kimekuwa zaidi ya 4,000. Kwa hiyo meza iliyoanza na uchafu mara kumi zaidi ya ya jirani inafika mchana ikiwa na mzigo mara kumi zaidi. Nyama ile ile, mnyama yule yule, lakini ya huyu inafika jioni, ya yule inaanza kuteleza mkononi saa nane mchana. Huo utelezi ndio dalili yenu.  Nyama ikiteleza kidoleni, vijidudu vimekwisha jenga utando juu yake, na kuiosha hakurudishi ilivyokuwa.

Hapo mtaniuliza, je, tusiifunike tu? Tunafunika, lakini tuangalie tunafunika kwa nini.

Wengine hutumia kitambaa kilicholoweshwa, kanga ya zamani au kipande cha gunia. Kitambaa hicho kinagusa nyama, kinanyonya damu, kisha siku nzima kinafuta kisu, meza na mikono. Nzi hutua juu yake, na kwa kuwa kimelala juu ya nyama, anachotema kinapenya hadi chini. Wengine hutumia turubai au nailoni. Hiyo inazuia nzi na vumbi kweli, lakini nyama iliyotoka machinjioni alfajiri bado ina joto la mwilini. Ukiifunga hewa isipite, inatoka jasho, na joto na unyevu vikikutana inachacha upesi kuliko ingeachwa wazi. Nyama ya moto inatakiwa kuning'inia, hewa ikiizunguka pande zote, mpaka ngozi yake ya juu ikauke kidogo. Ule ukavu wa juu ni kinga yake yenyewe.

Kuna pia gazeti, ambalo wino wake unahamia kwenye nyama, na mifuko iliyowahi kubeba mbolea au simenti, ambayo isikaribie chakula kabisa.

Halafu lipo hili ambalo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu anayelifanya anadhani anafanya jema. Chandarua cha kulalia kilichotiwa dawa kisifunike nyama. Dawa iliyomo kwenye nyuzi imewekwa ili imuue mbu anayegusa, na nyama yenye mafuta ikigusana nacho inaweza kuichukua dawa hiyo. Kukifua hakuiondoi yote, maana vyandarua vingi siku hizi vimetengenezwa dawa ibaki hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Vivyo hivyo dawa ya kupuliza ya kuua nzi: haipulizwi juu ya nyama, wala juu ya meza ambayo nyama itawekwa. Mnunuzi hawezi kuiona wala kuionja, na kupika si njia ya kuitegemea kuiondoa.

Kinachofaa ni kabati la wavu, na fundi seremala yeyote hapa Maore au Ndungu analiweza. Mwambieni atengeneze fremu ya mbao yenye urefu wa mita 1, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 80. Juu liwe na bati. Upande unaoelekea barabarani uzibwe kabisa kwa bati au ubao laini, kwa sababu wavu humzuia nzi lakini haulizuii vumbi. Pande mbili za kando ziwe wavu wa madirisha, ule wa matundu madogo unaouzwa dukani kwa mita, usio na dawa. Upande wa muuzaji uwe na mlango wenye bawaba zinazojifunga wenyewe, au kamba ya mpira inayouvuta urudi. Ndani, karibu na dari, pitisheni bomba au nondo safi ya kutundikia kulabu.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukisahau ni nafasi kati ya nyama na wavu. Nyama ikigusa wavu, nzi anakaa nje na anatema kupitia tundu, na yule wa kijani anatagia hapo hapo. Acheni upana wa kiganja kila upande, kama sentimita 10. Mguu wa ng'ombe ukiwa mkubwa kiasi cha kuziba nafasi hiyo, ukateni vipande kwanza. Miguu ya kabati ikisimama kwenye makopo yenye maji, sisimizi hawapandi, ila maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila siku chache, yasije yakazalisha mbu.

Kabati peke yake halifanyi kazi. Nimeona makabati mazuri yenye kioo mbele, na mlango uko wazi tangu asubuhi kwa sababu muuzaji anaingiza mkono kila dakika. Toeni pande moja, fungeni mlango, kateni, pimeni, mpeni mteja, kisha mtoe lingine. Na kama mko wawili mezani, mmoja ashike nyama na mwingine ashike pesa. Aliye peke yake awe na koleo au uma mrefu wa kushikia nyama, ili mkono wa noti usiwe ndio mkono wa steki. Utumbo, kichwa na kwato viwe na meza yao na kisu chao, maana utumbo hata ukioshwa sana unabaki na vijidudu vya kinyesi kuliko sehemu nyingine zote.

Sasa niingie kwenye ndoo.

Maji yetu hapa yanatoka pengi. Wako wenye bomba la mserereko kutoka mlimani, wako wanaochota Hingilili, na wako wanaochota kwenye mfereji wa kumwagilia kwa sababu uko karibu. Maji ya mfereji yamepita mashambani, yamepita ng'ombe wanapokunywa, yamepita watoto wanapooga. Mlimani juu yanaonekana kama kioo, lakini weupe wa maji hauelezi kilichomo ndani. Wakati wa masika yanakuja na tope, na hapo tatizo linazidi, kwa sababu tope linaila dawa ya maji kabla haijafika kwa vijidudu.

Kwa hiyo maji ya tope tunayashughulikia kwa hatua. Yaacheni yatulie kwenye ndoo iliyofunikwa, kwa kawaida usiku mmoja unatosha. Asubuhi mimineni taratibu maji ya juu kwenye chombo kingine mkiyapitisha kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, tope la chini mlimwage. Hapo ndipo mtie dawa. Vidonge vya kutibu maji vinavyouzwa madukani vina ukubwa tofauti, someni pakiti. Kile cha miligramu 67 ni cha dumu la lita 20 la maji maangavu. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yakibaki na ukungu hata baada ya kuchujwa, weka viwili. Baada ya dakika hizo 30 nusa: yakiwa na harufu ndogo ya klorini, dawa imetosha na bado ipo kuyalinda. Yasipokuwa na harufu yoyote, huenda uchafu umeila dawa yote, rudia. Asiye na vidonge achemshe. Kwa mwinuko wetu wa huku chini, maji yakishachemka kwa kububujika, yaache dakika 1 hivyo hivyo, yanakuwa salama. Yapoe kwenye sufuria ile ile, na mfuniko juu.

Maji yaliyotibiwa huchafuka tena kwa njia moja kuliko zote, nayo ni kikombe. Mteja anamaliza ugali, anachukua kikombe, anakichovya ndooni, na vidole vyake vinaingia pamoja nacho. Mtu wa kumi akifika, ile ndoo imekwisha kuwa na mikono ya watu tisa. Kwa hiyo akina mama, maji ya kunywa yawe kwenye ndoo yenye koki na mfuniko. Koki ya kufungia kwenye ndoo inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji. Asiyeipata atumie dumu la mdomo mwembamba na amimine, asichovye.

Maji ya kunawa mteja yatiririke. Lile beseni linalozunguka meza hadi meza, watu watano wakinawa humo, linamgawia wa tano uchafu wa wanne. Tumieni jagi na beseni la kupokelea, au tundikeni kibuyu chirizi nje ya kibanda na sabuni pembeni. Dumu la lita 5, kamba mbili na kijiti cha kukanyaga vinatosha, na maji yanayotumika ni kidogo kuliko ya beseni.

Wauza nyama, ndoo yenu nimeitaja mwanzo, narudi kwayo. Nawaomba muache kumwagia nyama maji ili ionekane mbichi. Maji yanasambaza uchafu wa sehemu moja kwenda kila sehemu, na yanalowesha ule ukavu wa juu niliousema ndio kinga. Palipoguswa na kinyesi au nywele wakati wa kuchuna panakatwa kwa kisu safi na kutupwa, hapaoshwi. Maji yenu ni ya meza, visu na mikono.

Meza na visu vioshwe hivi. Kwanza maji na sabuni, msugue mpaka mafuta na damu vitoke, kwa sababu klorini ikimwagwa juu ya damu inaishia kwenye damu. Kisha suuza. Kisha pitisha maji ya Jiki: kwa Jiki ya asilimia 3.5, vijiko 4 vya chakula kwenye ndoo ya lita 10 ya maji maangavu. Yaacheni juu ya meza dakika 2, halafu meza ikauke kwa hewa, msiifute na kitambaa. Maji hayo ya Jiki ni ya vyombo tu, yasinywewe, na yatengenezwe upya kila siku kwa kuwa nguvu yake hupotea, hasa juani. Msichanganye Jiki na tindikali ya chooni wala na dawa nyingine yoyote ya usafi, mvuke wake unadhuru mapafu. Fanyeni hivi asubuhi kabla nyama haijafika, mrudie mchana kabla ya nyama ya jioni, na mmalizie wakati wa kufunga.

Gogo ndilo linanisumbua zaidi ya vyote. Nyufa zake zinashika damu na vipande vya mfupa, na hakuna maji yanayofika huko ndani. Mwenye uwezo wa msumeno wa nyama auchukue. Ambaye bado, achonge uso wa gogo kila linapopata nyufa, alisugue kwa brashi ngumu na sabuni kila jioni, na alisimamishe likauke juani asubuhi. Gogo lenye harufu likiwa kavu litolewe sokoni.

Tukifika hapo tumewazuia nzi wasitue, lakini bado tunawazalisha, kwa sababu tunasafisha mara moja tu kwa mwezi. Wengi mnakumbuka mwaka 2015. Kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi Agosti kikasambaa mikoani, na tarehe 9 Desemba, badala ya sherehe za Uhuru, Rais Magufuli aliagiza nchi nzima ifanye usafi. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi, nasi tunaitimiza. Lakini tazameni maisha ya nzi. Kwenye joto, yai lake hutoka funza ndani ya siku moja, na kutoka yai hadi nzi mwenye mabawa ni kama siku 7 hadi 10. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja. Sisi tukisafisha mara moja kwa mwezi, vizazi vitatu vinatoka kwenye jalala letu kati ya usafi mmoja na mwingine. Taka zinazooza zikiondolewa mara mbili kwa wiki, funza anaondoka nazo kabla hajaota mabawa. Hiyo ndiyo sababu napendekeza Jumatatu na Alhamisi ziwe siku za taka hapa sokoni, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ibaki kwa mitaro na paa.

Damu na kinyesi cha tumboni visisubiri hata hizo siku mbili. Vifukiwe siku ile ile kwenye shimo la machinjio, na juu yake iwekwe tabaka ya udongo yenye unene wa shubiri ikakanyagwe. Udongo mwembamba haumzuii nzi, anatoboa na kutoka. Shimo liwe upande wa chini wa mteremko, mbali na mfereji na kisima, angalau mita 30, na mbele yake liinuliwe tuta ili mvua isibebe kilichomo kwenda majini. Maji machafu ya meza yasimwagwe njiani kutuliza vumbi. Kutuliza vumbi nyunyizeni maji safi, kabla nyama haijatolewa. Mashimo ya vyoo yafunikwe kwa kifuniko chenye mpini, na bomba la hewa la choo lifungwe wavu juu.

Yote haya niliyosema ni kwa nyama iliyokaguliwa. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi haitengenezwi na kabati wala na Jiki. Mnyama aliyekufa mwenyewe, hasa aliyetokwa na damu isiyoganda puani au kwenye njia ya haja kubwa, asichunwe, asikatwe, aitwe bwana mifugo, kwa maana kimeta kinaweza kumuua mchunaji kabla ya mlaji.

La mwisho ni mgonjwa aliye kati yetu wenyewe. Muuza nyama au mama lishe anayeharisha asishike chakula mpaka zipite saa 48 tangu kuharisha kukome. Najua ugumu wake, meza ikifungwa siku tatu nyumbani hakuna unga. Ndiyo maana naomba kikao hiki kipitishe kwamba mwenzetu akiugua hivyo, jirani yake wa meza amuuzie, na mapato yawe yake. Akiharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, asisubiri kupona nyumbani. Aanze kunywa maji ya chumvichumvi: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu na nusu kijiko cha chumvi, na huku anakunywa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Bwana afya apewe taarifa siku hiyo hiyo, na ndoo ya maji aliyokuwa akitumia isimwagwe mpaka aione. Mnaokubali utaratibu huo wa meza za wagonjwa, nyosheni mikono, katibu ahesabu na kuandika.